Hiyo Picha Imesafishwa, Lakini Huyo Si Babu

Wacha niseme bila kuzunguka. Zile apu za kusafisha picha za zamani hazirudishi uso uliofifia. Zinachora uso mwingine juu ya ule wa zamani, unaofanana nao kiasi cha kukufanya usiulize, halafu zinakupa ukiwa umeng'aa. Na kwa sababu unafanana, familia nzima inaupokea. Hapo ndipo shida iko.

Wengi wenu mmeona zile video za kabla na baada. Picha imekunjamana, imechakaa, mtu anabonyeza kitufe kimoja na bibi wa 1950 anakuangalia kama amepigwa jana. Ni tamu kutazama. Lakini swali ambalo hakuna mtu huuliza ni hili: hizo kope za macho, hayo meno, hizo nywele moja moja, zimetoka wapi kama kwenye karatasi hazikuwepo?

Mimi jibu nililipata kwa picha ya kwetu. Ni picha nyeusi na nyeupe ya 1968, sentimita 9 kwa 13, imepigwa mbele ya nyumba huko Siaya. Kuna watu sita. Katikati kwa kiti ameketi baba mzazi wa nyanya yangu, mdomo wazi kidogo kama mtu aliyekatizwa akiongea. Nyanya mwenyewe amesimama nyuma yake, bado msichana. Hiyo ndiyo picha pekee ya huyo mzee tuliyo nayo. Hakuna nyingine, na kati ya wale sita, aliyebaki hai ni nyanya peke yake. Ana miaka 84.

Familia ilikuwa inapanga rapar, ile siku ya kumkumbuka mzee, na binamu yangu alipewa kazi ya kutengeneza bango na kijitabu. Akaipiga ile karatasi picha kwa simu, akaitoa kwa WhatsApp, akaipitisha kwenye apu, akairudisha kwa grupu ya familia. Watu zaidi ya 40 waliweka mioyo. Mpwa wangu mmoja, ambaye ana vishimo mashavuni, aliandika kwamba hatimaye amejua amevirithi wapi: kwa yule kaka wa nyanya aliyesimama kulia. Kila mtu akakubali. Kweli, kishimo kilionekana wazi kabisa.

Aliyegoma ni nyanya. Alionyeshwa simu, akaitazama kwa muda, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Halafu akaniuliza, "Nyakwara, haya meno baba ameyatoa wapi?"

Kwa wasiojua: zamani kwa Waluo kijana akifika umri fulani alikuwa anatolewa meno sita ya mbele ya chini. Inaitwa nak. Mzee alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, na alitolewa. Nyanya alikua akiyaona hayo mapengo kila siku mezani. Na kwenye picha ya apu, chini ya ulimi kulikuwa na safu ya meno meupe, yamepangwa vizuri, kamili.

Sasa hapo mtu anaweza kusema nyanya ni mzee, macho yamechoka. Nikamwambia, "Dani, ngoja tuhakikishe." Bahati nzuri, miaka mitatu iliyopita nilikuwa nimeiskani ile karatasi kwa skana ya kawaida, 600 dpi, na faili bado ilikuwa kwa diski yangu. Kwa hivyo nilikuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Kulinganisha kuna njia yake. Ukiweka picha mbili kando kwa kando, hutaona kitu. Macho yanaruka kutoka moja hadi nyingine, na akili inajaza yenyewe kwamba huyu ni yule yule. Inabidi uziweke moja juu ya nyingine. Mimi nilitumia GIMP, ni ya bure. Unafungua skani, kisha unaleta ile ya apu juu yake kwa `Open as Layers`. Unaipunguza au kuikuza mpaka zilingane, na hapa uwe makini: usizipange kwa kutumia macho wala pua, kwa sababu hivyo ndivyo vitu unavyovishuku. Panga kwa vitu ambavyo apu haikuwa na haja navyo. Mimi nilitumia kona ya mlango, kifungo cha shati la mzee na mguu wa kiti. Vikikaa sawa vyote vitatu, umepata.

Halafu unabonyeza ile alama ya jicho kando ya jina la tabaka, unaizima na kuiwasha, unaizima na kuiwasha. Aki, hapo ndipo nilishtuka. Nguo hazikusonga. Mlango haukusonga. Lakini nyuso zote sita zilikuwa zinapumua. Pua inaingia ndani, inatoka. Jicho linafunguka, linafunga. Ni kama watu wawili tofauti wanapokezana kuvaa shati moja.

Nikabadilisha hali ya tabaka kuwa `Difference`. Hiyo inatoa picha moja kwenye nyingine, ili palipo sawa pawe peusi na palipotofautiana pang'ae. Kwa kuwa binamu alipiga kwa simu na mimi nilitumia skana, kulikuwa na mistari hafifu kila mahali, hiyo ni kawaida. Lakini juu ya hiyo mistari kulikuwa na mayai sita meupe, kila moja limekaa pale palipo na uso. Shingo zilikuwa karibu nyeusi. Masikio karibu meusi. Nyuso tu ndizo zilikuwa zimewaka.

Nikaanza kupitia mmoja mmoja. Mzee alikuwa na kovu kwenye nyusi ya kushoto, alilopata kwa pembe ya ng'ombe, na hiyo hadithi kila mtoto wa kwetu ameisikia. Kwenye skani kovu liko, mstari mweupe unaokata nyusi. Kwa apu nyusi imekamilika, safi. Jicho la upande huo lilikuwa limelegea kidogo. Apu imeliinua likalingana na lingine. Pua nilipima. Kwenye skani, kutoka katikati ya jicho moja hadi lingine ni pikseli 54 na upana wa pua ni 38. Nikiipunguza ile ya apu mpaka macho yawe pikseli 54 vilevile, pua ni 34. Nilirudia mara tatu kwa sababu kingo za picha ya zamani si kali, na kila mara ilikuwa nyembamba. Ni tofauti ndogo, moja kwa kumi hivi. Ukiwa hujui, unasema tu mzee anakaa smati.

Na yule kaka wa kulia mwenye kishimo? Kwenye skani hakuna kishimo. Kuna mkunjo wa karatasi. Picha iliwahi kukunjwa, na mstari wa mkunjo unapita juu ya shavu lake. Apu ilifuta mkunjo wote ukutani na kwenye shati, lakini pale shavuni ikauona ni sehemu ya uso, ikaugeuza kishimo.

Hebu fikiria hiyo. Kovu la kweli, apu imelifuta ikidhani ni mkwaruzo wa karatasi. Mkunjo wa karatasi, imeuweka ikidhani ni uso. Haiwezi kujua, kwa sababu kwake vyote viwili ni mstari tu. Anayejua ni mtu aliyeishi na huyo mzee.

Sasa kwa nini inafanya hivyo? Hapa kuna hesabu kidogo, lakini nisikilizeni, si ngumu. Picha ya simu ni nukta, yaani pikseli. Ile faili binamu aliyopitisha kwa apu ilikuwa na pikseli 1,600 upande mrefu. Kichwa cha mzee kwenye karatasi ni milimita 8. Ukigawa, kichwa chake chote, kutoka kidevu hadi utosini, kilikuwa na pikseli kama 98. Mdomo wake ulikuwa na pikseli chache mno, na pale ndani ya mdomo kulikuwa na doa jeusi tu.

Apu hizi zinafuata hatua zinazojulikana, kwa sababu kuna programu za wazi za aina hiyo ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, kama GFPGAN ya 2021 na CodeFormer ya 2022. Kwanza inatafuta nyuso. Kila uso inaukata, inaunyoosha mpaka macho yakae sawa, inaukuza ufike pikseli 512 kwa 512. Kisha inauchora upya kwa ustadi iliojifunza, na mwisho inaubandika pale ulipotoka na kulainisha kingo. Kutoka pikseli 98 hadi 512, kwa kila upande, maana yake ni kwamba kwa kila nukta moja iliyotoka kwa karatasi yetu, zaidi ya nukta 25 zimetungwa.

Zimetungwa kutoka wapi? Kutoka kwa nyuso ilizofundishwa nazo. GFPGAN ilifundishwa kwa mkusanyiko unaoitwa FFHQ, picha 70,000 za nyuso zilizochukuliwa kutoka mtandao wa Flickr. Ni picha za rangi, za kamera nzuri, za watu wa siku hizi. Waliokusanya wenyewe waliandika kwamba mkusanyiko umebeba upendeleo wote wa mtandao huo. Ndani ya picha hizo, mtu akifungua mdomo kuna meno. Kwa hivyo ikikutana na doa jeusi kwenye mdomo wa mzee wa Siaya wa 1968, inajiuliza mdomo wazi kwa kawaida huwa na nini, na inajibu: meno. Haikukosea hesabu yake. Hesabu yake tu haimjui mzee wetu.

Kuna kisa cha Juni 2020 ambacho kinaeleza hii kitu vizuri, na kinamhusu mtu ambaye baba yake ni wa huku kwetu Kogelo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walikuwa wametoa programu inayoitwa PULSE, ya kugeuza picha yenye pikseli chache kuwa uso ulio wazi. Mtu akaipa picha ya Barack Obama iliyofifishwa, ile ambayo hata wewe kwa mbali ungesema ni Obama. Ikarudisha mzungu.

Lakini kuna jambo ndani ya hicho kisa ambalo watu wengi walilipita. PULSE ilitengenezwa ili uso unaotoa, ukipunguzwa tena mpaka uwe mdogo, ulingane na ile picha iliyofifia. Yaani yule mzungu, ukimfifisha, anakuwa karibu sawa na Obama aliyefifishwa. Nyuso nyingi tofauti zikififishwa zinafanana. Ndiyo maana huwezi kurudi nyuma kutoka kwa ukungu hadi kwa uso. Njia ziko nyingi, na mashine inachagua moja.

Hiyo inatupa kipimo kizuri, bora ujue mipaka yake. Chukua picha ya apu, ipunguze mpaka ifikie ukubwa wa ile uliyoiingiza, kisha uilinganishe na hiyo. Ikiwa hazilingani, apu imepinga hata kile kidogo kilichokuwepo. Nilifanya hivyo kwa mzee. Kwenye faili ya binamu ndani ya mdomo ni peusi. Kwenye ya apu, hata baada ya kuipunguza, kuna mstari mweupe. Hiyo imefeli, hakuna mjadala. Uso wa nyanya nao ulilingana vizuri. Je, hiyo ina maana uso wa nyanya ni sahihi? Hapana. Yule mzungu pia angelingana. Kufeli ni ushahidi. Kupita si ushahidi.

Kwa hivyo nikajaribu kitu kingine, na hiki unaweza kukifanya hata kwa simu. Nilichukua skani yangu, nikatengeneza nakala tatu: moja kamili, moja nusu, moja robo. Nikazipitisha zote kwa apu ile ile. Kama uso ulikuwa umejificha ndani ya picha na apu inauchimbua tu, basi ningepata mtu mmoja mara tatu. Nilipata watu watatu. Kwenye nakala kamili, ambapo kichwa kina pikseli karibu 190, kovu lilibaki na mdomo ukabaki na giza lake, lakini ngozi ilikuwa imepigwa pasi. Kwenye nusu, meno yakatokea na kovu likaenda. Kwenye robo akawa kijana wa miaka 30 hivi, macho mviringo, yanang'aa, ambaye sijawahi kumwona maishani. Kadiri ushahidi unavyopungua, ndivyo apu inavyojiamini. Na haikuniambia popote kwamba sasa inabahatisha. Picha zote tatu zilitoka na ukali uleule.

Huo ukali ndio ishara ambayo utaiona hata kama huna picha ya asili. Tazama uso, kisha shuka kwenye kola, mkufu, kifungo. Lenzi moja, siku moja, umbali mmoja. Kama kope zinahesabika lakini kola ni ukungu, huo uso umeletwa. Tazama masikio: mara nyingi yanabaki ya zamani, kwa sababu yako ukingoni mwa kile kipande kinachokatwa. Tazama kile kimwanga kidogo ndani ya macho. Kama watu sita wamesimama kwa jua lilelile la saa sita, na kila mmoja ana kimwanga cha studio, jua hilo halikuwahi kuwaka Siaya.

Wengine mtaniambia, bana, ni picha tu, si kila mtu amefurahi? Nimeisikia hiyo hoja kwa familia yetu pia. Shangazi yangu mmoja alisema hata yeye akienda studio hupakwa poda, sasa mzee akirembeshwa kuna ubaya gani? Ni hoja nzuri, na jibu langu ni hili. Shangazi akipakwa poda tunamjua. Kesho ataosha uso na tutamwona. Mzee hana kesho. Ile picha ndiyo uso wake wote uliobaki duniani. Kuna mtoto wa darasa la pili kwetu anayeitwa jina lake, na huyo mtoto atakua akijua sura ya babu yake kutoka kwa bango. Karatasi inazidi kufifia, nyanya hatakuwa nasi milele, na faili yenye mioyo 40 ndiyo itakayosambazwa. Baada ya miaka 20 hakuna atakayeuliza meno yametoka wapi. Atasema labda kwetu hatukuwa tunatoa meno. Picha itakuwa shahidi wa uongo kuhusu mila yetu wenyewe, na hakuna aliyekusudia kudanganya.

Bango tulilibadilisha. Binamu, na namshukuru kwa hilo, aliketi na mimi jioni moja tukafanya kazi kwa ile skani. Tulirekebisha mwangaza na kivuli, tukatoa doa la chai kwenye ukuta, tukaziba mkunjo kwa mkono kwa kutumia `Clone` na `Heal`, lakini nje ya nyuso tu. Ule mkunjo wa shavuni tuliupunguza weupe bila kuufuta, nyanya akiwa ameketi kando anatuambia ni wapi shavu la kaka yake linaishia. Kwa bango kubwa uso wa mzee ni laini, hauko kali. Ukisimama mita mbili anaonekana vizuri. Ukisogea karibu unaona chembe za karatasi. Poa tu. Hizo chembe ni za kweli.

Ukitaka kufanya hivyo kwenu, anza na karatasi, si na picha ya picha iliyopita WhatsApp. Iskani kwa 600 dpi, na kama nyuso ni ndogo kama za kwetu, jaribu 1200. Hifadhi kama TIFF au PNG, na faili hiyo usiiguse tena. Kila kitu kifanyie kwenye nakala. Kama lazima utumie apu, tafuta mahali pa kuzima uboreshaji wa uso na uiache ifanye kazi kwenye mikwaruzo na madoa. Kama haina pa kuzima, basi nakala inayotoka iandikwe juu yake, si kwenye jina la faili tu, kwamba nyuso zimechorwa na mashine, kwa sababu jina la faili hupotea mara tu inapotumwa.

Na kabla ya kuisambaza, ipeleke kwa mtu mzee zaidi katika familia aliyemjua aliye kwenye picha. Usimuulize kama ni nzuri, atakuambia ni nzuri ili usivunjike moyo. Muulize ni nini kimebadilika. Andika anachosema, na tarehe, kwenye bahasha ya ile karatasi. Mimi kwenye bahasha yetu nimeandika: meno sita ya chini hayapo, kovu la nyusi ya kushoto ni la ng'ombe, kishimo cha kulia ni mkunjo wa karatasi. Mpwa wangu amekubali kwa shingo upande. Vishimo vyake ni vya upande wa baba yake.